Mwajiri aliyeuliza hana budi kujibu

Umeingia mtindo miongoni mwa waajiri wa nchi hii, wakubwa kwa wadogo, wa kuwagawia wafanyakazi wao hojaji ili watoe maoni kuhusu kazi, mishahara, wasimamizi na mazingira wanamofanyia kazi. Mtindo huo si mbaya hata kidogo. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, na mwajiri anayetaka kuyajua yaliyo nyoyoni mwa watu wake anastahili kupongezwa kuliko yule anayengoja mpaka mashine zizimwe na watu wamiminike barabarani. Hata hivyo, iko sehemu moja ya shughuli hiyo ambayo hupuuzwa karibu kila mahali, nayo ni jawabu. Nakusudia kulijadili jawabu hilo, yaani waraka ambao mwajiri hupaswa kuwaandikia wafanyakazi wake baada ya kuyasoma maoni yao.

Sisi tunaoishi Kware, na wenzetu wa Kitengela na Kajiado kwa jumla, tunaishi katikati ya wafanyakazi wa kila aina. Wapo washonaji wa viwanda vya nguo vya Athi River, wachonga mawe, walinzi, wahudumu wa hoteli, walimu, na makarani wanaorauka alfajiri kuiwahi matatu ya kwenda Nairobi. Nami nimepata kuzitumikia ofisi za wafanyakazi kwa miaka mingi, hivyo basi watu hupenda kunieleza mambo ya kazini kwao. Hadithi ninayoisikia mara nyingi zaidi ni hii: "Tulijazishwa fomu, tukaambiwa tuseme ukweli bila woga, tukasema. Miezi imepita na hatujaambiwa hata neno moja."

Kimya cha namna hiyo hakiishii katika kimya. Mfanyakazi aliyeulizwa na asijibiwe hujitafutia jawabu mwenyewe, na jawabu analolipata huwa moja kati ya mawili: ama wakubwa wameyasoma maoni yake na kuyadharau, ama wameyasoma na sasa wanamsaka aliyeyaandika. Mwaka unaofuata, hojaji ikirudi, atajaza "nakubali" kutoka juu hadi chini bila kusoma, au ataikunja na kuitia mfukoni. Mwajiri ataona takwimu nzuri, naye atajisifu. Kumbe amepoteza dirisha pekee alilokuwa nalo la kuchungulia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Madhara ya kutosikilizana tuliyaona hapa jirani. Mnamo Januari mwaka 2003, wiki chache baada ya serikali mpya kushika hatamu, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya EPZ huko Athi River waligoma. Walilalamikia mishahara duni, saa za ziada za kulazimishwa, na jinsi walivyotendewa na wasimamizi. Hakuna hata moja kati ya malalamiko hayo lililozaliwa mwezi huo. Yalikuwa yamesemwa kwa minong'ono kwa muda mrefu, na yaliposemwa kwa sauti yalisemwa langoni, wala si kwa karatasi.

Mashirika ya serikali nayo yana kasoro yake. Tangu utaratibu wa mikataba ya utendakazi uanze kutumika katika mashirika ya umma mwaka 2004, kuridhika kwa wafanyakazi kumepata kuhesabiwa miongoni mwa vigezo vya kupimia shirika. Nia ilikuwa njema. Lakini kipimo kikisomwa na wakubwa peke yao, huwa ni alama ya mtihani tu. Hojaji hujazwa, asilimia hupatikana, ripoti hupelekwa Nairobi, na karani aliyeijaza huko nyanjani haambiwi hata alama yenyewe ilikuwa ngapi. Ripoti iliyopelekwa juu si jawabu kwa waliobaki chini.

Kwamba jawabu ndilo lenye kazi si dhana yangu. Mwaka 1948, kampuni ya umeme ya Detroit Edison huko Marekani iliwahoji wafanyakazi wake wote kuhusu kazi yao. Mtaalamu Floyd Mann wa Chuo Kikuu cha Michigan akafanya jambo la busara katika idara za hesabu. Katika baadhi ya idara hizo, matokeo yalirudishwa kwa wafanyakazi na kujadiliwa katika mikutano ya kila kikundi pamoja na msimamizi wao. Katika nyingine hayakujadiliwa kwa namna hiyo. Watu walipohojiwa tena baadaye, mabadiliko mema yalionekana zaidi katika zile idara ambazo matokeo yalikuwa yamerudishwa na kuzungumzwa. Hojaji ilikuwa ni ileile, kampuni ni ileile. Tofauti ilikuwa ni jawabu.

Je, jawabu hilo liandikweje? Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano. Huu ni mfano wa kubuni, lakini kila jambo lililomo nimepata kuliona mahali fulani. Tuseme pana kiwanda cha kushona nguo chenye wafanyakazi 400: 250 katika ushonaji, 60 katika ukataji, 70 katika kupiga pasi na kufungasha, na 20 ofisini. Hojaji zilizorudi ni 292: ushonaji 190, ukataji 45, pasi na ufungashaji 51, na ofisi 6.

Jambo la kwanza ambalo waraka unapaswa kusema ni hesabu hiyo yenyewe. Watu 292 kati ya 400 ni asilimia 73, na watu 108 hawakujibu. Hao 108 wasifichwe. Katika ofisi, ni 6 tu kati ya 20 waliojibu, na ukimya wa makarani wenyewe, ambao wanajua karatasi hizo huishia wapi, ni habari nzito kuliko majibu ya wengi.

Papo hapo hujitokeza mtego wa kwanza. Mwajiri mwenye bidii hutaka kuonyesha matokeo ya kila idara, na kwa watu 6 wa ofisini jambo hilo ni hatari. Ikisemwa kwamba mtu mmoja kati ya sita hamwamini meneja, saa sita mchana kila mmoja atakuwa amekwisha kumtaja. Kanuni niliyoizoea ni kwamba kikundi chenye majibu chini ya 10 hakionyeshwi peke yake. Lakini kuficha mstari mmoja hakutoshi. Ukionyesha jumla ya kiwanda chote, kisha ukaonyesha ushonaji, ukataji na ufungashaji, basi mtu yeyote mwenye kalamu atatoa na kupata ile idara uliyoificha. Dawa yake ni kuiunganisha ofisi na ufungashaji, zihesabiwe pamoja kuwa watu 57, na isemwe wazi katika waraka kwamba zimeunganishwa ili kulinda siri.

Kuhusu siri, waajiri wengi huchanganya mambo mawili. Hojaji isiyo na jina ni ile ambayo hata mwenye kuikusanya hawezi kujua ni ya nani. Hojaji ya siri ni ile ambayo mwenye kuikusanya anajua, ila ameahidi kutosema. Fomu yenye nambari ya kazi, au iliyojazwa kwa simu ya mfanyakazi mwenyewe, mara nyingi ni ya aina ya pili, hata ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina jina. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, habari za mtu zilizochukuliwa kwa shabaha moja haziwi mali ya mwajiri kuzitumia apendavyo. Mfanyakazi ana haki ya kuambiwa ni ipi kati ya aina hizo mbili aliyoijaza.

Jambo la pili ni matokeo makuu, nayo yawe machache na yasemwe kwa lugha ya watu. Hojaji ya maswali 40 huzaa majedwali 40, na hakuna mshonaji atakayeyasoma akiwa ameshika sahani ya githeri. Matokeo matano yatosha. Moja au mawili yawe mema, kwa sababu ni kweli na kwa sababu watu hupenda kujua nini kinachowafaa. Mengine yawe yale yaliyo mabaya zaidi, bila kupakwa rangi.

Turudi kiwandani kwetu. Watu 257 kati ya 292 wamesema kwamba wenzao huwasaidia kazi inapolemea. Hiyo ni asilimia 88, na ni sifa kwa watu hao. Wanaosema wanaelewa jinsi mshahara wao ulivyohesabiwa ni 117, asilimia 40. Wanaosema wanaweza kwenda msalani wanapohitaji ni 102, asilimia 35. Wanaojua saa yao ya kutoka kabla siku haijafika ukingoni ni 85, asilimia 29. Na wanaoamini kwamba hojaji hiyo italeta mabadiliko yoyote ni 64, asilimia 22.

Hilo la mwisho ndilo ambalo wakubwa wengi hulifuta katika nakala ya kwanza ya waraka. Nawasihi wasilifute. Mfanyakazi akiona mwajiri ametangaza kwa mkono wake mwenyewe kwamba watu karibu wanne kati ya watano hawamwamini, ataanza kuyaamini mengine yote yaliyomo.

Wastani nao una hila zake. Tuseme kulikuwa na swali la kama saa za ziada hupangwa kwa haki, na katika kiwanda chote waliokubali ni 152, yaani asilimia 52. Meneja atasema nusu yao wameridhika, tuendelee. Lakini tukigawanya, tunakuta kwamba katika ukataji waliokubali ni 36 kati ya 45, asilimia 80. Katika ufungashaji na ofisi ni 40 kati ya 57, asilimia 70. Na katika ushonaji ni 76 tu kati ya 190, asilimia 40. Kwa hivyo kiwanda hakina tatizo la nusu kwa nusu. Kina tatizo katika ukumbi mmoja, ambamo aghalabu ya walioketi mbele ya cherehani ni akina mama. Waraka usiosema hivyo utakuwa umesema kweli kwa tarakimu na uwongo kwa maana.

Jambo la tatu, na hapa ndipo waraka unaposimama au kuanguka, ni ahadi. Nimepata kuziona nyaraka zenye ahadi 14. Zote zilikuwa za maneno kama "kuimarisha mawasiliano" na "kuendeleza utamaduni wa kuheshimiana". Ahadi za namna hiyo haziwezi kuvunjwa kwa sababu haziwezi kutimizwa. Hakuna siku ambayo mtu ataingia langoni na kusema, leo mawasiliano yameimarika. Ahadi zinazofaa ni tatu, na zikizidi ziwe nne. Kila moja ipite katika vichujio vinne. Je, inajibu matokeo mabaya yaliyotajwa? Je, iko ndani ya uwezo wa meneja aliye hapa, bila kungoja idhini ya wenye kampuni ng'ambo? Je, yaweza kukamilika katika siku 60? Na je, mtu wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kuingia ofisini ataiona kwa macho yake?

Katika kiwanda chetu, ahadi ya kwanza ingekuwa juu ya saa za ziada. Majina ya watakaobaki jioni yabandikwe ubaoni kabla ya saa nane mchana, na yeyote atakayeambiwa baada ya saa hiyo awe na ruhusa ya kukataa bila kuandikwa popote. Kwa mtu asiyetujua, hilo laweza kuonekana dogo. Lakini mama wa Kware aliyeambiwa saa kumi na nusu kwamba atatoka saa mbili usiku hana njia ya kumtafuta jirani wa kumchukulia mtoto. Atapanda matatu wakati nauli imekwisha kupanda, na atatembea kutoka steji hadi nyumbani gizani. Akiambiwa saa nane, shida hizo hazimwishii, ila ataweza kuzipanga. Hili halimgharimu mwajiri shilingi. Linamtaka tu mpangaji wa kazi ahesabu mapema.

Ahadi ya pili ingekuwa juu ya msala. Katika baadhi ya viwanda vya nguo, kila mstari wa cherehani hupewa kadi moja au mbili za kwendea chooni, na asiye na kadi hungoja. Kadi hizo ziondolewe, na vyoo vilivyofungwa kwa ubovu vitengenezwe. Lakini waraka usilitangaze hilo kana kwamba ni zawadi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ilikwisha kumtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha na vya kufaa. Anayetimiza sheria aseme anatimiza sheria. Akijipigia makofi, watu watacheka, na watakuwa na haki.

Ahadi ya tatu ingekuwa juu ya hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya mshahara na makato yake. Wengi hupewa hati, ila haisomeki. Saa za ziada zionyeshwe kwa idadi na kwa malipo ya kila saa, wala si kwa jumla moja ya fedha. Aidha, karani wa mishahara aketi kwenye meza penye jengo la kulia chakula siku mbili baada ya kila malipo, ajibu maswali. Manung'uniko mengi ya mshahara huwa ni ya makato ambayo hakuna aliyeyaeleza. Mtu wa shilingi 20,000 hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024, nazo ni shilingi 550, na asilimia 1.5 ya nyumba, nazo ni shilingi 300. Mwajiri hawezi kuyafuta makato hayo, lakini anaweza kuyaeleza, na mfanyakazi ataacha kudhani kwamba karani ndiye anayekula fedha hizo.

Jambo la nne ni yale ambayo hayatafanywa. Katika hojaji yoyote ya nchi hii, ombi litakaloongoza ni nyongeza ya mshahara. Mwajiri asilikwepe kwa kunyamaza. Ikiwa mshahara hupangwa kwa mkataba kati yake na chama cha wafanyakazi, aseme hivyo, aseme mazungumzo yajayo ni lini, na aseme kwamba hojaji haitachukua nafasi ya chama. "Hapana" iliyotolewa pamoja na sababu yake huumiza siku moja. "Tutalitazama" huumiza mwaka mzima.

Kwa kifupi, waraka wote waweza kuenea katika ukurasa mmoja. Mimi ningeuandika hivi:

"Kwa wafanyakazi wote. Wiki tatu zilizopita tuliwaomba maoni yenu. Watu 292 kati ya 400 walijibu. Tunawashukuru, na tunajua kwamba 108 hawakujibu. Hojaji hazikuwa na majina wala nambari za kazi. Zimesomwa na watu wawili, na hazitaonyeshwa kwa msimamizi yeyote. Idara ya ofisi imehesabiwa pamoja na ufungashaji ili asitambulike mtu.

"Mmetuambia kwamba mnasaidiana vyema: watu 88 kati ya kila 100 wamesema hivyo. Mmetuambia pia kwamba wengi hamjui mtatoka saa ngapi, kwamba hamwendi msalani mnapohitaji, na kwamba hamwelewi hati za mishahara. Katika ushonaji, ni watu 40 tu kati ya kila 100 wanaoona saa za ziada hupangwa kwa haki. Na ni watu 22 kati ya kila 100 wanaoamini kwamba tutafanya lolote.

"Tutafanya mambo matatu. Kuanzia Jumatatu ijayo, majina ya saa za ziada yatabandikwa kabla ya saa nane mchana. Atakayeambiwa baadaye ana ruhusa ya kukataa. Anayewajibika ni meneja wa uzalishaji. Kuanzia Jumatatu hiyohiyo, kadi za msala zimeondolewa, na vyoo vinne vibovu vitakuwa vimetengenezwa kufikia mwisho wa mwezi huu. Anayewajibika ni mkuu wa matengenezo. Kuanzia malipo yajayo, hati ya mshahara itaonyesha saa zenu za ziada, na karani atakuwa penye jengo la chakula siku mbili kuwajibu. Anayewajibika ni mhasibu.

"Mliomba nyongeza ya mshahara. Waraka huu hauahidi nyongeza, kwa sababu mshahara hujadiliwa na chama chenu. Mliomba basi la usiku. Bado tunahesabu gharama yake, na jawabu, la ndiyo au la hapana, litabandikwa hapa baada ya siku 30. Baada ya siku 60 tutabandika karatasi nyingine kuwaonyesha lililofanyika na lisilofanyika. Meneja mkuu."

Msomaji atatambua kwamba kila ahadi ina tarehe, na kila tarehe ina mtu. Katika waraka halisi, mtu huyo atajwe kwa jina, kwa sababu cheo hakioni haya bali mtu huona. Uandikwe kwa Kiswahili, ubandikwe penye saa ya kuingilia na penye jengo la chakula, na usomwe kwa sauti mwanzoni mwa kila zamu, kwa kuwa si kila mtu atakayesimama kusoma na si kila mtu awezaye. Na utoke mapema. Wiki tatu ni muda wa haki. Zikipita sita, uvumi utakuwa umekwisha kuandika waraka wake.

Yako makosa mawili ambayo huuharibu hata waraka ulioandikwa vyema. Kosa la kwanza ni kuwasahau wasimamizi wa mistari. Msimamizi ambaye anasikia kwa mara ya kwanza, mbele ya watu wake, kwamba ukumbi wake umepata asilimia 40, atatoka hapo akitafuta adui. Aitwe siku moja kabla, aelezwe matokeo na yale atakayotakiwa kufanya. Lakini asipewe hojaji zenyewe, hasa yale maneno yaliyoandikwa kwa mkono. Mwandiko hujulikana, na sentensi moja kama "tangu nirudi likizo ya uzazi" hutosha kumtambulisha mtu katika mstari wa watu 30. Najua mahali ambapo aliyeandika malalamiko alihamishiwa zamu ya usiku katika wiki hiyohiyo. Huenda ilikuwa sadfa, lakini baada ya hapo hapana aliyeandika tena neno lolote katika kiwanda hicho.

Kosa la pili ni kuilegeza ahadi pindi kazi inapozidi. Ahadi hizi haziporomoki wiki ya kwanza. Huporomoka wiki ile ambayo kontena linangojewa na mizigo haijakamilika. Hapo ndipo kadi ya msala hurudi "kwa muda", na orodha ya saa za ziada hubandikwa saa kumi badala ya saa nane. Kuijua hali hiyo si kazi ngumu. Orodha iwe na mahali pa kuandika saa iliyobandikwa, na mwakilishi wa wafanyakazi atie sahihi hapo. Mwisho wa mwezi zihesabiwe: kati ya siku 24 za kazi, ni siku ngapi orodha iliwahi? Meneja naye ashuke ukumbini usiku bila kutangaza, amuulize mshonaji yeyote ataje mambo matatu yaliyobadilika. Akiyataja mawili, waraka umefika. Akitabasamu tu na kuinamia cherehani yake, haujafika.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo mno mbele ya mshahara usiotosha kodi ya nyumba na unga. Ni kweli kwamba waraka hauongezi mshahara, na mwajiri anayeutumia ili kuyakwepa mazungumzo ya mshahara anastahili kukemewa. Hata hivyo, sikubali kwamba kujua saa ya kurudi kwa mtoto wako ni jambo dogo, wala kwamba mtu mzima kuomba kadi ili aende chooni ni jambo la kungoja mkataba ujao. Mwajiri aliyeshindwa kubandika karatasi kabla ya saa nane hataaminika atakapokuja mezani na hesabu za mamilioni.

Kwa hivyo, kwa waajiri ambao hivi sasa wana masanduku ya hojaji yaliyojaa na hawajajibu, rai yangu ni moja. Wasianze hojaji nyingine mwaka huu. Wazifungue zilizopo, wazihesabu, wachague mambo matatu, wayatie tarehe na majina, kisha wabandike ukurasa mmoja ukutani. Na wafanyakazi nao, watakapoletewa hojaji nyingine, wana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kushika kalamu: ile ya mwaka jana ilijibiwa lini?